Jopo la ushuru linabadilisha hesabu, Mahakama Kuu kwenye mapitio inakagua njia tu

Kuna kitu kinawaumiza wafanyabiashara wadogo hapa Kenya na mi naona hakisemwi vya kutosha. Mtu analetewa barua na KRA, ameambiwa anadaiwa, anakasirika (na ana haki ya kukasirika), anatafuta wakili, na wakili anamwambia twende Mahakama Kuu tukafute huu uamuzi. Jina lenyewe Mahakama Kuu linampa mtu moyo, anaona huko ndio kwenye nguvu kushinda jopo ambalo hata hajawahi kulisikia. Baada ya miezi kadhaa jaji anamwambia kesi yako haikustahili kuja hapa kwanza, ulitakiwa uende Jopo la Rufaa za Ushuru. Na siku za kwenda jopo zilishapita zamani.

Sa nataka tuichukue hii moja tu, jopo la ushuru na Mahakama Kuu, tuione kwa undani, manake ukielewa hapa umeelewa pia majopo mengine kama lile la mazingira na lile la zabuni za serikali.

Tuchukue mfano wa kutunga lakini ni wa aina inayotokea sana. Mama ana duka la vifaa vya ujenzi Kongowea, Mombasa. Mauzo yake kwa mwaka yamevuka shilingi milioni 5 kwa hiyo amesajiliwa kulipa VAT. Mwaka huo alitangaza mauzo ya milioni 6. KRA wakachukua taarifa zake za benki na za M-Pesa, wakajumlisha kila pesa iliyoingia, wakapata milioni 9.6. Tofauti ni milioni 3.6, wakasema haya ni mauzo uliyoficha, asilimia 16 ya hapo ni shilingi 576,000, lipa. Tuache riba na penati kwanza, manake hizo zinaongezeka juu yake.

Mama anajua pesa zake. Katika ile milioni 3.6, milioni 1.5 ni mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo, 800,000 ni za ndugu yake aliye Doha anayemjengea nyumba hapa nyumbani kupitia kwake, 600,000 ni pesa alizotoa M-Pesa ya duka akaweka benki zikahesabiwa mara mbili, na 700,000 zilizobaki ni mauzo kweli ambayo hayakuandikwa, karani aliruka wiki kadhaa. Kwa hiyo kwa haki anadaiwa asilimia 16 ya 700,000, yaani 112,000. Ugomvi wake na KRA ni wa ile 464,000 iliyobaki.

Hapo ndipo nataka msomaji asimame kidogo ajiulize: huyu mama shida yake ni nini hasa? Shida yake ni hesabu. Anasema pesa hizi si mauzo, hizi zingine ni mkopo, hizi ni za ndugu yangu. Hasemi kwamba KRA hawana mamlaka ya kumkadiria ushuru, wala hasemi hawakumpa nafasi ya kujieleza. Anasema mmekosea ukweli wa mambo. Na swali la ukweli wa mambo lina mlango wake.

Hatua ya kwanza iko kwa KRA wenyewe. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa siku 30 kuanzia alipopata ile barua ya makadirio aweke pingamizi kwa maandishi. Na pingamizi si kuandika tu sikubali. Lazima useme unapinga nini na kwa sababu gani, unataka makadirio yarekebishwe vipi, uambatishe karatasi zako, na ile sehemu ambayo huipingi uwe umeilipa au umekubaliana na Kamishna wa KRA utailipa vipi. Kwa mama wetu maana yake ile 112,000 aishughulikie mapema. Wengi wanaanguka hapa, wanapinga yote mia kwa mia kwa hasira, au wanaandika barua tupu bila karatasi wakidhani karatasi wataleta mbele ya safari, afu pingamizi linaambiwa si halali.

Kamishna naye ana siku 60 za kuamua kuanzia alipopokea pingamizi lililo halali. Zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba pingamizi limekubaliwa. Hii ni silaha kubwa ya mlipa ushuru na wengi hawaijui, kwa hiyo weka ushahidi wa siku uliyotuma, ile risiti ya mfumo wa iTax au imeli yenyewe, usiifute.

Tuseme Kamishna amejibu ndani ya muda na amekataa. Sasa ndio jopo linaingia. Jopo la Rufaa za Ushuru lilianzishwa kwa sheria yake ya mwaka 2013, na kwa katiba ya 2010, kifungu cha 169, majopo kama haya yamehesabiwa kwenye mahakama za chini, kwa hiyo ile dhana kwamba ni ofisi nyingine ya KRA ni makosa. Mwenyekiti ni mtu mwenye sifa za kisheria, na wajumbe wanajumuisha watu wanaojua uhasibu na ushuru, ambao hawatahitaji kufundishwa taarifa ya benki inasomwaje. Mama ana siku 30 tangu apate uamuzi wa pingamizi kuandika notisi ya rufaa, analipa ada ya shilingi 20,000 ambayo hairudi, afu ndani ya siku 14 baada ya notisi anaweka hati ya rufaa, maelezo ya mambo yalivyotokea na nakala ya uamuzi anaoupinga. KRA nao wanapewa siku 30 kujibu. Anaweza kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na wakili, au na mwakilishi wa ushuru aliyesajiliwa, ambaye mara nyingi ni mhasibu anayejua vitabu vyake kuliko wakili yeyote.

Na jopo linafanya nini? Hapa ndio kiini cha makala yangu. Jopo linafungua karatasi upya. Linaangalia mkataba wa mkopo, linaangalia siku pesa ya mkopo ilipoingia benki kama inalingana, linaangalia risiti za pesa kutoka Doha, linasikiliza mashahidi, na mwisho lina mamlaka ya kuthibitisha uamuzi wa Kamishna, kuubadilisha, au kuufuta na kuweka uamuzi wake mahali pake, au kuurudisha kwa Kamishna autafakari tena. Neno la maana hapo ni kubadilisha. Wanaweza kutoa 576,000 wakaandika namba nyingine.

Tuendelee na mama. Mkopo ameleta mkataba na taarifa ya chama, milioni 1.5 imetoka. Zile 600,000 zilizohesabiwa mara mbili ameonyesha mstari kwa mstari, M-Pesa ilitoka saa nne benki ikaingia saa sita, zimetoka. Za ndugu wa Doha ana risiti za 500,000, lakini 300,000 zililetwa mkononi na rafiki aliyekuja likizo na mama akaziweka benki mwenyewe, hana hata karatasi moja wala huyo rafiki hakuja kutoa ushahidi. Jopo likasema hizo 300,000 hazijathibitishwa. Kwa hiyo mauzo ambayo hayakutangazwa ni 700,000 jumlisha 300,000, milioni 1 kamili, VAT yake 160,000. Mama ameingia na deni la 576,000 ametoka na 160,000. Hakushinda kila kitu, na sababu ni kwamba sheria imeweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mlipa ushuru, yeye ndiye wa kuonyesha makadirio ni makubwa mno au si sahihi, sio KRA waonyeshe wako sawa. Mtu anaweza kuona si haki na mi naelewa, lakini karatasi za biashara yako unazo wewe, na sheria imesimama hapo.

Sasa tumchukue mama huyohuyo, tumpitishe mlango mwingine, ule wa mapitio ya mahakama pale Mahakama Kuu.

Mapitio yanamwuliza jaji maswali tofauti kabisa. Aliyeamua alikuwa na mamlaka? Alimpa mtu nafasi ya kusikizwa? Alikuwa na upendeleo? Alifuata hatua ambazo sheria imelazimisha? Aliielewa sheria vibaya? Alizingatia vitu visivyohusika au akaacha vinavyohusika? Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu cha 47 cha katiba, kile cha haki ya kutendewa haki na ofisi za serikali, imeorodhesha hizo sababu na nyinginezo. Mahakama ya Rufaa ililisema wazi mwaka 2002 katika kesi ya hapahapa kwetu, Baraza la Manispaa ya Mombasa na kampuni ya Umoja Consultants, kwamba mapitio yanahusu namna uamuzi ulivyofikiwa na hayahusu kama uamuzi wenyewe ni mzuri ama mbaya, na jaji akianza kupima ushahidi upya atakuwa amejigeuza mahakama ya rufaa ambayo hakupewa kazi hiyo.

Kwa hiyo mama anafika na mkataba wake wa mkopo na risiti za Doha, na jaji anaweza kumwonea huruma kabisa lakini swali lake ni KRA walikuandikia? Ndiyo. Walikupa muda? Ndiyo. Walisoma karatasi zako na wakatoa sababu? Ndiyo, ila wamekosea! Basi kwa jaji wa mapitio kukosea kwenye kupima ushahidi hakutoshi. Hawezi kuandika 160,000. Anaweza kuufuta uamuzi au kuuacha, na akiufuta kwa kawaida unarudi kwa aliyeuamua afanye tena kwa njia iliyo sawa.

Hebu tuseme KRA walikosea njia kweli, mama alituma karatasi na afisa hakuzigusa akaamua tu. Jaji anaufuta. Watu wanashangilia nje ya mahakama. Wiki chache baadaye KRA wanaweza kuanza upya, wakasoma karatasi safari hii, na wakafika palepale 576,000, na hakuna kitu jaji alichosema kinachowazuia, alimradi bado wako ndani ya ile miaka 5 ambayo sheria kwa kawaida inawaruhusu kufanya makadirio. Mama ameshinda kesi na deni liko palepale, na ada ya wakili ameshalipa.

Mkanganyiko mwingine ni kwamba jopo nalo linaangalia njia. Watu wanadhani jopo ni la hesabu peke yake na makosa ya utaratibu ni ya Mahakama Kuu. Sivyo. Kamishna akijibu pingamizi baada ya siku 60, hoja hiyo unaipeleka jopo na jopo linaweza kukupa ushindi kwa sababu hiyo tu bila kugusa hesabu. Yaani kwenye jopo unabeba hoja zote mbili kwa pamoja. Na kama unaogopa KRA watachukua pesa benki wakati rufaa inaendelea, jopo lina mamlaka ya kusimamisha utekelezaji wa uamuzi rufaa ikishawekwa. Hiyo hofu ndiyo inayowakimbiza wengi kwa jaji wakitafuta zuio la haraka, na zuio linapatikana huku.

Ndio maana mahakama zinakurudisha. Kanuni ni ya zamani, tangu kesi ya Spika wa Bunge na Karume ya 1992, kwamba sheria ikiweka njia maalum ya kutatua lalama basi hiyo njia ifuatwe. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ikarudia kwenye kesi ya NEMA na Sound Equipment, ambapo kulikuwa na jopo la mazingira na mlalamishi akaliruka, ikasema Bunge likishaweka utaratibu wa rufaa basi mapitio yatatolewa katika hali za kipekee tu. Na sheria ile ya 2015 ya kutekeleza kifungu cha 47 ikaiweka kwenye maandishi: mahakama haitapitia uamuzi kabla njia nyingine za rufaa hazijamalizwa, isipokuwa kuna hali ya kipekee na mwombaji mwenyewe ameomba aruhusiwe kuruka. Hilo la kuomba ni muhimu na mawakili wanalisahau, huwezi kuruka kimyakimya afu ukaeleza ukishaulizwa. Lazima uweke ombi na useme kwa nini kesi yako ni ya kipekee.

Hatari yenyewe iko kwenye kalenda. Kwenda kwa jaji kuomba uamuzi ufutwe una miezi 6. Kwenda jopo una siku 30. Mtu akiangalia anaona kwa jaji kuna nafasi ya kupumua, anatulia, anatafuta pesa ya wakili, anaweka kesi miezi minne baadaye, KRA wanaleta pingamizi la awali kwamba jopo limerukwa, jaji anakubali, kesi inatupwa. Sasa mama anarudi jopo miezi mingi imepita. Jopo linaweza kuongeza muda kama ulikuwa nje ya nchi, mgonjwa, au kuna sababu nyingine ya maana, lakini kwamba ulienda mlango usio wako ni sababu ambayo haina hakika ya kukubaliwa, na KRA hawatakaa kimya. Wakati huo makadirio yamesimama, riba inaongezeka, na zile 464,000 ambazo zingeweza kupungua sana kwa karatasi za mkopo tu hazijawahi kusomwa na mtu yeyote huru. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa jaji moja kwa moja kuna kazi yake na sitaki nionekane naipuuza. Ukisema sheria yenyewe ya ushuru inakiuka katiba, jopo haliwezi kuifuta sheria ya Bunge, hiyo ni kazi ya Mahakama Kuu. Au KRA wameiandikia benki yako ikate pesa wakati hujawahi hata kuletewa makadirio, hakuna uamuzi wa pingamizi wa kukatia rufaa, hapo hoja ni ya mamlaka na ya kusikizwa na mapitio yanafaa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Dande ilifungua dirisha kidogo, ikasema ukija kwa njia ya katiba ukidai haki zako zimevunjwa, mahakama inapaswa kuingia kwenye undani wa jambo, lakini ukija kwa njia ile ya kawaida ya kanuni za mashtaka ya madai bila kudai uvunjaji wa katiba, inabaki kwenye utaratibu tu. Kuna mawakili wameisoma kesi hiyo kama ruhusa ya kuvaa kila mgogoro wa ushuru koti la katiba. Mi naona ni usomaji wa hatari kwa mteja. Kesi ile haikufuta sharti la kumaliza njia zilizopo, na jaji anayejua kazi yake ataona haraka kwamba chini ya maneno ya katiba kuna ugomvi wa taarifa za benki.

Sasa baada ya jopo je? Asiyeridhika, mama au KRA, ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu kwa rufaa, na hii ni rufaa, si mapitio, ila ni rufaa ya hoja za kisheria pekee. Ule mkoba wa ushahidi umefungwa. Zile 300,000 za mkononi ambazo jopo halikuziamini, mama akipata leo barua ya rafiki aliyezileta, amechelewa. Lakini kama jopo lingesema mkopo nao ni mauzo kwa mujibu wa sheria ya VAT, hilo ni kosa la sheria na jaji ataligusa. Vilevile kama jopo lilifikia jambo bila ushahidi wowote wa kulibeba, hilo nalo huhesabiwa hoja ya kisheria. Kwa hiyo nafasi ya ukweli wa mambo ni mbili tu, kwenye pingamizi na kwenye jopo, na sababu ulizotaja mwanzo ndizo utakazobanwa nazo, ukitaka kuongeza nyingine lazima jopo likuruhusu. Yule anayeandika pingamizi kwa haraka usiku wa siku ya 29 anajifungia hoja ambazo atazihitaji mbele.

Ninaposema mtu aende jopo sisemi jopo halina kasoro. Sheria inasema liamue ndani ya siku 90 tangu rufaa iwekwe, na walioko kwenye hii kazi wanajua rufaa nyingi hazimaliziki kwa muda huo. Na ile ada ya 20,000 mi naiona ni dhulma kwa mdogo. Kampuni inayogombania milioni 60 inalipa 20,000, na mwenye kioski anayegombania 60,000 analipa 20,000 ileile, theluthi nzima ya deni, haimrudii hata akishinda. Huyo wa kioski akipiga hesabu anaona bora alipe tu ushuru ambao hadaiwi. Jopo liliundwa ili mtu apate haki kwa njia nyepesi kuliko mahakama, na mahakama zinamlazimisha kila mtu kupitia hapo kwanza. Basi Bunge likiweka mlango wa lazima liweke ada inayolingana na kiasi kinachobishaniwa, hata asilimia ndogo yenye kikomo, na chini ya kiwango fulani isiwepo kabisa. Marekebisho ya sheria za ushuru yanapelekwa Bungeni kila mwaka kwenye muswada wa fedha, na mstari huu mmoja unaweza kuingia humo bila kugusa kitu kingine chochote.